Wengi wanawezaje kuwa minorite?

*"Jambo Mwalimu. Profesa wetu alisema kwamba wakati wa Wabelgiji sisi Wakongomani tulikuwa minorite. Darasa zima tukacheka, maana kila mtu anajua Wazungu ndio walikuwa wachache. Nilipouliza, akajibu kwamba minorite si hesabu, ni nguvu, kisha saa ikaisha. Kama si hesabu, basi tunapima kwa nini? Na kama ni hivyo, si kila mtu anaweza kujiita minorite akitaka?"*
Mwanafunzi, Katuba, Lubumbashi

Jambo, mdogo wangu. Profesa wako hakukosea, ila alikuachia nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ndiyo ngumu.

Maana aliyoitumia iliandikwa mwaka 1945 na Louis Wirth, mwanasosholojia mzaliwa wa Ujerumani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago. Kwa ufupi alisema hivi: minorite ni watu ambao, kwa sababu ya umbile lao au utamaduni wao, wanatengwa na wenzao wa jamii ileile, wanatendewa tofauti na kwa namna isiyo sawa, na kwa ajili hiyo wanajiona kuwa wanabaguliwa kama kundi. Isome tena polepole. Idadi haimo. Kicheko chenu Wirth alikuwa amekwisha kukitarajia, kwa hiyo akatoa mfano wa kwao Marekani: kule Kusini kulikuwa na sehemu ambako watu weusi walikuwa wengi kuliko weupe kwa mbali, lakini katika siasa, mali na heshima walikuwa chini, na kwake hao walikuwa minorite bila shaka yoyote.

Neno lenyewe lilikuja na mzigo wa hesabu kwa sababu ya mahali lilikokulia. Baada ya vita ya 1914–1918 mipaka ya Ulaya ilichorwa upya, na mikataba ikatakiwa kuwalinda Wajerumani waliojikuta ndani ya Poland, Wahungaria waliojikuta ndani ya Romania, na wengine wa namna hiyo. Kule uchache na unyonge vilikwenda pamoja, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kuvitenganisha. Lilipopelekwa kwenye koloni na kwenye nchi za ubaguzi wa rangi, hesabu ikaanguka na unyonge ukabaki.

Sasa tuje hapa kwetu, maana hapa unaweza kuona kipimo kikifanya kazi kwa macho.

Chukua mwaka 1941. Ubelgiji ilikuwa imekwisha kutekwa na Wajerumani tangu Mei 1940, na Kongo ilikuwa inazalisha kwa ajili ya vita ya Waingereza na wenzao. Union Minière, kampuni kubwa ya migodi ya Katanga, ilitakiwa kutoa shaba nyingi zaidi. Wakati huohuo bidhaa kutoka Ulaya zilipungua madukani na bei zikapanda. Taabu hiyo haikuchagua rangi: Mzungu wa karakana na Mwafrika wa tanuri wote waliona mshahara wao unanunua kidogo kuliko jana. Katika kampuni Waafrika walikuwa zaidi ya kumi kwa kila Mzungu mmoja. Mwajiri mmoja, mwaka mmoja, lalamiko moja. Mtafiti hapati mara nyingi bahati ya namna hii, ya makundi mawili kuuliza swali lilelile kwa bwana yuleyule ndani ya miezi michache.

Wazungu ndio waliotangulia. Waliungana katika chama chao, kilichojulikana kwa herufi AGUFI, wakadai nyongeza, wakagoma. Wakubwa hawakufurahi. Tena wakati wa vita mgomo unaweza kuitwa usaliti kwa urahisi sana. Lakini waliketi nao mezani, mishahara ikaongezwa, na chama kikaendelea kuishi.

Waafrika waliona hayo yote. Makarani walisoma magazeti, maboi walisikia mazungumzo ya mezani, na kampini, mtaa wa wafanyakazi wa kampuni, habari haikai siku mbili bila kufika nyumba ya mwisho. Mwanzoni mwa Desemba wao nao wakasimamisha kazi, Jadotville, yaani Likasi ya leo, na hapa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Walidai nyongeza kama walivyodai wenzao. Tarehe 9 Desemba 1941 wagomaji wa Elisabethville walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Mkuu wa jimbo, Amour Maron, alifika na askari akawaamuru warudi kazini. Walikataa. Askari wakafyatua risasi kwenye umati. Hesabu ya serikali yenyewe ilipita wafu arobaini, na watu wa hapa siku zote wamesema walikuwa wengi kuliko hao. Miongoni mwao alikuwa Léonard Mpoyi, aliyewasemea wenzake.

Hicho ndicho kipimo unachokiuliza. Usianze na vichwa vya watu, anza na lalamiko: kundi likisema "tunaonewa", sauti hiyo inapokelewa wapi, na nani, na kwa kitu gani? Mazungumzo, nyongeza, na chama kinachotambuliwa ni alama za kundi lenye nguvu, hata kama halina furaha na hata kama ni dogo. Risasi, jela na kufukuzwa nyumbani ni alama za minorite, hata kama watu wake wanajaza mji.

Utaniambia labda yule Maron alikuwa mtu mkali tu, na mwingine angefanya vingine. Huenda. Lakini chini ya ukali wake kulikuwa na sheria, na sheria haina hasira. Mkataba wa kazi wa Mwafrika ulitawaliwa na dekreti ya 1922, na ndani yake kuvunja mkataba kulikuwa na adhabu ya jinai. Mzungu akiacha kazi kinyume cha mkataba, ni ugomvi wa madai kati yake na mwajiri, wanadaiana fedha. Mwafrika akiacha kazi, ni kosa la kupelekwa kizuizini. Kwa hiyo kabla hata ya askari kufika uwanjani, mgomo mmoja ulikuwa mazungumzo ya bei na mwingine ulikuwa uhalifu. Tena nyumba ya kampini ilikuwa ya kampuni na posho ilitoka kwa kampuni, hivyo mtu aliyepoteza kazi alipoteza pia paa na unga wa watoto siku hiyohiyo. Vyama vya wafanyakazi vya Waafrika viliruhusiwa mwaka 1946, navyo vilikaa chini ya jicho la serikali.

Angalia pia mji wenyewe ulivyopangwa. Waafrika walipita laki moja na nusu katika miaka ya 1950, Wazungu hawakufika elfu ishirini. Kati ya mji wa Wazungu na site ya kwanza ya Waafrika, ile tunayoiita Kamalondo, liliachwa eneo tupu la mamia ya mita, na usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana upande wa pili bila karatasi. Wale wengi ndio waliobeba karatasi. Wachache hawakuulizwa kitu. Ukitaka kujua nani ni minorite katika mji wowote, tazama ni nani anayesimamishwa njiani aeleze anakwenda wapi.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi hulikosa karibu kila mwaka kwenye mtihani. Wanaandika kwamba Wazungu walitawala kwa sababu walikuwa na haki ya kupiga kura na Waafrika hawakuwa nayo. Katika Kongo ya Wabelgiji hiyo si kweli. Hadi Desemba 1957 hakuna aliyepiga kura humu nchini, mweusi wala mweupe. Tulitawaliwa kutoka Brussels, na masetla wa Katanga walilalamika sana juu ya hilo. Basi nguvu yao ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kampuni zilizoketi na serikali, kwenye mabaraza ambamo wajumbe walichaguliwa na wakubwa, kwenye mahakama zilizotenganishwa, shule zilizotenganishwa, na kwenye ukweli kwamba ofisa, jaji, injinia na padri walikula chakula cha jioni pamoja. Kura ni mlango mmoja wa nguvu. Nyumba ina milango mingi.

Bado kuna alama nyingine, nayo kwangu ndiyo inayouma zaidi: mlango wa kutokea. Katika minorite kuna mara nyingi tundu dogo la kuwatoa watu wachache waliochaguliwa, na masharti ya kutoka yanawekwa na wale walio juu. Kwetu waliitwa maevolue, yaani walioendelea. Mwaka 1948 ilianzishwa kadi ya sifa ya kiraia, na mwaka 1952 ikaja dekreti ya kuandikishwa, ambayo ilikuweka chini ya sheria ya Wazungu. Anayeomba alichunguzwa. Wakaguzi waliingia nyumbani kwake wakatazama kama familia inakula mezani kwa uma na kisu, watoto wanalala wapi na wamevaa nini, mama wa nyumba anazungumza Kifaransa namna gani, choo kikoje. Mtu mzima, karani mwenye miaka ishirini ya kazi, anasimama kando ya kabati lake huku mgeni akifungua droo. Hadi mwisho wa koloni, katika nchi ya watu zaidi ya milioni kumi na tatu, familia zilizoandikishwa zilikuwa mia mbili na kidogo. Na Mzungu aliyekula kwa mikono, alewaye kila Jumamosi, asiyejua kusoma vizuri? Hakukaguliwa. Yeye alizaliwa amekwisha kufaulu.

Nimekaa sana hapa nyumbani kwa makusudi, kwa sababu mifano ya nje inajulikana zaidi. Afrika Kusini sheria ya ardhi ya 1913 iliwaachia watu weusi, waliokuwa wengi kwa mbali, takriban asilimia 7 ya nchi, na mwaka 1936 ikaahidiwa kupanda hadi karibu asilimia 13. Mississippi, kule Marekani, watu weusi walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi wakati katiba ya jimbo ya 1890 ilipoweka kodi ya kura na mtihani wa kusoma na kuelewa katiba. Hapa ona ujanja: rangi haikutajwa hata mara moja, na mtihani ulisimamiwa na karani mweupe aliyeamua mwenyewe kama umeelewa. Sheria ya namna hiyo haiandikwi dhidi ya watu wachache. Inaandikwa kwa sababu ni wengi, na wakipiga kura watashinda. Kwa hiyo wingi wao haukuwa kinga. Ulikuwa ndiyo sababu ya kubanwa.

Halafu kuna mfano ambao wanaume wa darasa lenu hawataupenda. Mwaka 1951 mwanasosholojia Helen Hacker alichukua maana ya Wirth akaipima kwa wanawake, ambao ni nusu ya watu au zaidi kidogo. Tufanye hivyo kwetu. Kodi ya Familia, yaani sheria ya familia, ya 1987 ilisema mume ndiye mkuu wa nyumba na mke anapaswa kumtii, na kifungu cha 448 kilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa kila tendo la kisheria linalomfunga kutoa huduma ya yeye mwenyewe. Kwa lugha ya kaunta maana yake ilikuwa hivi: mama ana biashara yake ya vitenge kwa miaka kumi, analisha nyumba, anasomesha watoto, anataka mkopo au kazi mpya, na karani kijana wa umri wa mwanawe anamwambia, "Mama, lete karatasi ya baba." Si kwamba karani alikuwa mbaya. Karani alikuwa na sheria mkononi. Sharti hilo liliondolewa na sheria ya Julai 2016, ingawa ofisini bado utakutana na watu wanaoliomba kwa mazoea. Katiba ya 2006, kifungu cha 14, inazungumza juu ya usawa wa wanawake na wanaume katika vyombo vya nchi. Hesabu viti vya wanawake bungeni Kinshasa tangu wakati huo: havijafika moja ya tano.

Hacker alikuwa mwangalifu kuliko wengi wanaomtaja. Alikumbuka sehemu ya mwisho ya maana ya Wirth, ile ya kujiona, akakubali kwamba wanawake wengi wanatendewa kama minorite bila kujihesabu hivyo. Mke anaishi ndani ya nyumba ya mtawala wake, anampenda, anazaa naye, na anagawana naye heshima ya ukoo. Mwafrika wa kampi hakuwa na uhusiano wa namna hiyo na mkubwa wa kampuni. Kwa maoni yangu hapo ndipo maana ya Wirth inapoanza kuchechemea, maana inakulazimisha uulize watu wanajionaje, na watu waliofundishwa kwamba hali yao ndiyo ya kawaida hawatakujibu unavyotarajia. Mimi naipa uzito zaidi sheria na matokeo kuliko hisia. Wenzangu wengine hawakubali.

Sasa swali lako la pili, lile la kila mtu kujiita. Hapa Katanga tuna somo letu wenyewe, na naomba tulisome bila kuchaguana makabila.

Desemba 1957, katika uchaguzi ule wa kwanza, komini nne za Waafrika za Elisabethville zilichagua maburugumesta wao, yaani wakuu wa komini. Hakuna hata mmoja aliyetoka Katanga ya kusini; watatu walikuwa watu wa Kasai. Familia nyingi za Kasai zilikuja hapa kwa sababu kampuni na reli ziliwatafuta na kuwaleta, zikawasomesha, zikawapa kazi za ukarani. Matokeo yale yaliwashtua wenyeji, na mwaka uliofuata ikazaliwa Conakat, chama cha siasa cha wenyeji. Hoja yake ilikuwa kwamba wenyeji wamekuwa wanyonge nyumbani kwao. Je, walikuwa minorite?

Pima. Nani aliyeandika sheria ya mji? Wabelgiji. Juu ya maburugumesta wale alikaa burugumesta wa kwanza, Mbelgiji, aliyewekwa na serikali. Mkasai wa 1957 alikuwa na dawati, kalamu na kiti katika komini, lakini hakuwa na polisi, hakuwa na mahakama, wala hakuwa na mgodi. Alikuwa mbele ya mwenyeji katika foleni ya kazi, na wote wawili walikuwa nje ya ofisi. Kwa hiyo lalamiko la wenyeji lilikuwa na ukweli ndani yake, la nafasi za kazi na shule, lakini aliyezigawa nafasi hizo hakutajwa sana, na masetla waliifurahia Conakat wakakaa karibu nayo. Kundi linaweza kunyimwa kitu fulani bila kuwa minorite mbele ya kundi lile linalolitazama kwa chuki. Daima uliza: ni nani anayenyima kweli?

Kisha angalia nguvu inavyohama. Uchaguzi wa jimbo wa Mei 1960 Conakat ilipata viti 25 kati ya 60. Hiyo si wingi kamili. Wapinzani walisusia ili baraza lisifikie idadi ya kukutana, na Brussels ikabadilisha sheria wiki chache kabla ya uhuru ili serikali ya jimbo iundwe hata hivyo. Kwa 25 juu ya 60 chama kikashika jimbo, na tarehe 11 Julai 1960 kikatangaza kujitenga.

Miaka thelathini baadaye swali likarudi kwa sura mbaya zaidi. Mwaka 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa hapahapa, walifukuzwa Likasi na Kolwezi na vijana wa chama kilichoshika jimbo. Walikuwa wengi katika miji ile, wengine mafundi na wakubwa wa Jekamini, yaani Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, wengine walimu, wauguzi, wafanyabiashara. Waliishia kulala stesheni na mashuleni kwa wiki na miezi wakingoja treni za kuwapeleka nchi ambayo watoto wao hawakuwahi kuiona. Idadi yao haikuwa imebadilika kabla ya kufukuzwa. Kazi zao hazikuwa zimebadilika. Kilichobadilika ni nani aliyeshika ofisi ya gavana, nani alisikika redioni, na polisi walitazama upande gani. Wanaosema "lakini walikuwa na kazi nzuri" wanachanganya cheo na nguvu. Mshahara mzuri unaoweza kunyang'anywa kwa hotuba moja si nguvu.

Kwa hiyo hapana, mtu hawi minorite kwa kujiita. Kundi linaloweza kumfukuza mwingine, kisha likasema lenyewe ndilo linaloonewa, limefeli kipimo palepale. Lakini hali hiyo si jina la kudumu pia. Haiko kwenye damu, iko kwenye uhusiano kati ya makundi mahali fulani na wakati fulani, na watu walewale wanaweza kuwa na sura mbili ndani ya kizazi kimoja.

Na Wazungu baada ya tarehe 30 Juni 1960? Wao ni wachache kwa hesabu, na serikali si yao tena. Lakini Union Minière iliendelea kuuza shaba kama jana mpaka serikali ilipoichukua mali yake mwishoni mwa 1966, ikazaliwa kampuni ambayo baadaye ikaitwa Gécamines. Katika miaka ile sita ya katikati ningewaita wachache wenye nguvu. Lugha ya kawaida inawaita minorite, ya Wirth haiwaiti hivyo.

Lililobaki ni kukuonya juu ya wanasheria, maana ukihama kutoka fakulte yako kwenda ya sheria utaambiwa kinyume. Mwaka 1977 Francesco Capotorti, Mwitaliano aliyefanya utafiti kwa ajili ya Umoja wa Mataifa, alitoa maana inayotajwa mpaka leo: kundi lenye watu wachache kuliko wakazi wengine wa nchi, lisilo na utawala, ambalo watu wake ni raia na wana kabila, dini au lugha ya tofauti, na wanataka kuihifadhi. Masharti yote mawili, uchache na unyonge, lazima yawepo. Umoja wa Mataifa ulipotoa azimio lake juu ya haki za minorite mwaka 1992, haukuandika ndani yake maana yoyote ya neno, kwa hiyo ile ya Capotorti ikaendelea kusimama pembeni kama kipimo.

Kwa nini wanasheria wanang'ang'ania hesabu? Nadhani wana sababu nzuri, na wanasosholojia hatupendi kuikubali. Wanasheria wanafikiria dawa. Watu walio wengi na wanakandamizwa hawahitaji ulinzi maalumu wa lugha yao au kiti kilichotengwa; wanahitaji nchi yao. Wape kura moja kwa mtu mmoja na hesabu itafanya kazi yenyewe. Wagomaji wa 1941 hawakudai walindwe dhidi ya wengi, wao ndio walikuwa wengi. Lakini watu walio wachache kweli, ukiwapa kura moja kwa mtu mmoja watashindwa kila uchaguzi mpaka mwisho wa dunia, kwa hiyo kwao lazima kitu kingine. Fikiria Wambuti na Watwa wetu: katika uchaguzi wowote wa halali hawatashinda jimbo, na msitu wao umegawanywa na watu ambao hawakuwauliza. Ndiyo maana sheria ya Julai 2022 juu ya haki za watu asilia mbilikimo haisemi tu kwamba wao ni raia sawa na wengine. Inawatambulia ardhi na namna yao ya kuishi.

Kwa wanawake dawa ya kura peke yake haikutosha, ingawa ni wengi. Hapo hoja ya wanasheria inavuja, na sijaona aliyeiziba vizuri.

Ukiandika kazi yako, sema katika ukurasa wa kwanza unatumia maana ipi. Ukichukua ya Wirth, huna haja ya jedwali la idadi ya watu, lakini lazima uonyeshe sheria, karatasi za njiani, masharti ya kutoka, na malalamiko yaliishia wapi. Ukichukua ya Capotorti, leta sensa, na hapo utakwama, kwa sababu sensa ya mwisho ya nchi hii ni ya 1984.